Volime ya Woga

Mama Suzanne akisema bonjour, kuku zinakimbia. Sidanganye mutu. Yeye ni prezidanti wa wamama wa samaki hapa Bunia, na miaka yote ile ya kuita wateja juu ya samaki ya Mahagi-Port ilimupa koo kama ya tarumbeta ya fanfare.

Sasa fikiria Claude. Claude alikuwa mwalimu wa primaire mbele masomo ifungwe. Mu mwezi wa tano, wakati watu walikuwa wanauana mu makartiye, yeye na dada yake walilala juu ya plafond, chini ya mabati, siku mingi, watu wa bunduki wanatembea chini yao, wanafungua sufuria, wanacheka. Kule juu njo alijifunza kusema bila kusema. Kisha Wafaransa walikuja, MONUC ya Umoja wa Mataifa ikakuja na vifaru vyake vyeupe, muji ukapoa kidogo, watu wakashuka. Claude pia alishuka, akaanza kazi ya kuuliza watu maulizo kwa redio yetu. Sauti yake ilibakia kule juu.

Na ni hawa wawili redio yetu iliwaweka mbele ya mikro moja.

Mimi ni Gaël. Nilipata diplome d'État, ile ya kumaliza secondaire, na kisha? Université ya wapi, na njia gani? Nilikuwa ninazunguka kartiye yetu Bigo tu, kama mbuzi ya bila kamba mpaka Papa Kasereka, directeur wa Redio Kilima, aliona ninaelewaka ordinatere, ile kompyuta, akaniambia: « Kuja hapa, kijana, mbele ujiangushe mu kisima. » Tangu siku ile mimi njo tekinisie. Mashini yote ya sauti iko mu mikono yangu, na mikono yangu haijuake kutulia.

Ile interview walifanya vendredi, siku ya Ijumaa, mu soko. Wamama wa samaki walikuwa wamepanga kitu kubwa: soko moja ya watu wote. Wale wa muji walete samaki na chumvi na sabuni, wale wa milima ya Djugu walete mihogo na maharagi. Mwaka muzima watu hawa hawakuuziana kitu. Mbele ya vita soko ya vile ilikuwaka kwa daraja, kila mutu anajua. Lakini sasa kwa daraja kulikuwa vijana wa bunduki na barriere yao ya kufunga njia. Mwanamuke akipita pale na mihogo, anabakia na kitunga tu. Na kitunga, ni siku ya bahati.

Mama Suzanne na wenzake walibadilisha fasi: ni nyuma ya kanisa ile haina mabati tena. Mardi, siku ya Jumanne, asubuyi.

Bon. Claude alifika na ile recorder yetu ya kasete na mikro moja. Na hapa lazima nikuelezee kitu. Kwetu, mutu mukubwa akishika mikro, ameshika. Hauwezi kumunyanganya. Utamunyanganya vipi, kama weye ni wa umri wa mutoto wake, na ulifundisha watoto wake, na amekukaribisha kwa kiti yake mwenyewe? Mama Suzanne alichukua mikro mu mukono ya Claude vile wanachukuaka mu kanisa juu ya ushuhuda, akaibandika kwa midomo, na haikurudia tena. Claude alikuwa anauliza akiwa pembeni, mikono mitupu, na sauti ile ya plafond. Nyuma yao mulin, mashini ya kusaga mihogo, inapiga du-du-du-du.

Samedi, ni Jumamosi, saa sita, Papa Kasereka aliipitisha hewani vile ilikuwa. Mu casque ya studio, ile ya kuvaa kwa masikio, mambo yote ilisikilika, alisema. Kweli, mu casque unasikia mpaka inzi.

Mangaribi nilirudia kwetu Bigo, nikakuta jirani yetu muzee, vieux Léon, amekaa kwa mulango na redio yake ndogo kwa sikio.

« Gaël, mutoto wa redio! Ule mama wenu alinipasua sikio. »

« Lakini ulisikia habari ya soko, papa? »

« Nilisikia anasema NDIYO! NI VILE KABISA! Nikamwambia bibi: ni vile nini? »

« Hukusikia Claude anauliza? »

« Claude ni nani? »

Léon akanionyesha vile yeye anasikilizaka: volime ndogo, ndogo kabisa, redio imebandikwa kwa sikio kama simu. Mu vita yote watu wa Ituri walisikiliza vile. Redio ikilia kwa nguvu, mutu anapita mu njia anajua nyumba iko na redio, na usiku anakuja kuichukua. Kwa hiyo watu walikuwa na volime yao, mimi niliiita volime ya woga. Mama Suzanne akipiga kelele, unaishusha tena. Na kama umeishusha kwa sababu yake, Claude anakufa kabisa.

« Sasa watu wanasema mardi wataenda wapi? » nikauliza.

« Kwa daraja, sivyo? Soko njo iko kule tangu Wabeleji. »

Mama mudogo wangu Geneviève, mudogo wa mama yangu, alikuwa kule milima na watoto wake wane. Nilijua ako na redio, nilijua anaisikilizaka chini ya blanketi. Na nilijua mutu ule: akisikia kuko soko, atafunga mihogo mbele jogoo iamuke. Atashuka moja kwa moja kwa daraja. Wao wote watashuka kwa daraja.

Dimanche, siku ya Jumapili, asubuyi nilimukuta Papa Kasereka anakunywa chai. Nikamueleza. Aliweka kikombe chini.

« Leo saa kumi na moja kuko rediffusion, tunaipitisha tena. Tutafanya tangazo. Mimi mwenyewe nitasoma: soko ni nyuma ya kanisa, point. »

« Hawataamini, papa. »

« Watakosa kuamini mimi? »

« Papa, mwezi iliyopita si gari ilipita na megaphone, ikasema njia iko wazi? »

Gari ile ilikuwa ya nani, hakuna aliyejua. Wenye waliamini waliacha mali yao yote mu njia, na wengine waliacha zaidi. Tangu pale mutu wa milima haamini tangazo. Anaamini mutu mwenye anamujua. Na Mama Suzanne, mbele ya vita, nusu ya wamama wa milima walimukopesha mihogo na wakamutukana na wakacheka naye. Wanamujua mpaka kikohozi. Kama yeye anasema ndiyo, ni ndiyo. Lakini lazima wasikie anasema ndiyo juu ya nini.

« Basi tumutafute arudilie, » directeur akasema.

« Alienda Mahagi-Port jana, kutafuta samaki ya mardi. »

« Claude, basi, aulize tena hapa mu studio, tunabandika ndani ya ile ya soko. »

« Watasikia, papa. Hapa hakuna mulin, hakuna watu. Sauti itakauka gafla, kisha mama anapiga kelele mu soko. Watasema: wamebandika. Na watakuwa na haki, tumebandika. »

Papa Kasereka alikamata kichwa. « Sasa unataka nini? »

« Claude ako ndani ya kasete, papa. Ako pale. Ni kumutoa tu. »

« Mutoe, basi! Mafuta ya groupe ya umeme iko ya leo tu, kesho sijui. Na ujue kitu moja: ukimushusha Mama Suzanne, wamama wa samaki watakuja kunipiga na makayabo, samaki yao kavu ya chumvi. »

Nikaingiza kasete mu ordinatere. Ukiangalia sauti kwa ekran ya ordinatere, ni kama milima. Mama Suzanne: milima ya Djugu, inagusa plafond. Claude: nyasi. Tena nyasi imekanyagwa.

Kwanza nilifanya ya haraka, nikapandisha yote. Kitu haikutembea. Juu ya nini? Kwa sababu ordinatere inapandisha yote pamoja, mpaka ile ndefu iguse juu, njo inasimama. Na Mama Suzanne alikuwa tayari anagusa. Nikailazimisha ipite. Vichwa vya milima vikakatika sawa sawa kama vya kisu, na mama akaanza kukwaruza kama spika ya bar imepasuka. Nikarudisha.

Papa Kasereka alikuwa nyuma yangu, anapumua. « Weka kompresa. »

Kompresa ni kitu ya kufinya: sauti ikivuka mupaka unaweka, inaifinya chini, kisha unapandisha yote yenye imebaki. Nikafinya sana. Kweli mama alishuka. Claude alipanda. Lakini mulin pia ilipanda naye! Kila fasi mama ananyamaza, mulin inakuja mbio, huuuu, mama akianza tena, inakimbia. Huuuu, inarudia. Ilikuwa kama mutu wa pumu anakaa mu redio. Na Claude, mwanzo wa maulizo yake ilikuwa bado mu shimo.

Ile shimo ilinisumbua. Nikasikiliza tena, tena, mpaka nikaelewa: si Claude peke yake, ni recorder. Recorder yetu iko na mukono yake ya ndani, inajipangaka yenyewe. Ikisikia Mama Suzanne, inaogopa, inashusha. Mama akinyamaza, haipande mara moja, inapanda pole pole kama mutu anachungulia. Claude, mutu wa adabu, alikuwa anauliza palepale, mama akifunga tu mudomo. Kwa hiyo maneno yake ya kwanza yaliingia wakati recorder bado imeinama.

Kwa hiyo hakuna dawa ya kumwanga juu ya yote. Ni mukono. Nilikata kasete yote kila fasi sauti inabadilika, mama, Claude, mama, Claude. Mama nilimushusha kidogo, paka kidogo. Claude nilimupandisha sana, lakini si sawa sawa: mwanzo wa maulizo sana zaidi, kisha ninapunguza pole pole, vile recorder ilikuwa inainuka, ili mwisho ikutane na mwanzo. Nikakata ile sauti nzito ya chini kabisa ya mulin, juu mutu hasemake kule chini. Kila fasi nimekata, nikalainisha kidogo, isifanye « tak ».

Ikabaki shida moja. Claude akipanda, soko na mulin nyuma yake zinapanda. Mama akirudia, zinashuka. Sikio linashtuka. Nikatafuta fasi hakuna mutu anasema, nikapata: kule mwanzo, mama alisimama kurudishia mteja pesa yake, ni soko tupu na mulin. Nikachukua ile kipande, nikaitandika chini ya maneno ya Mama Suzanne, polepole, mpaka nyuma yao wote ikawa ile ile. Hii haiongeze neno wala haipunguze. Ni mulin ile ile, soko ile ile, siku ile ile.

Njo pale Claude aliingia.

Nilimuvalisha casque, nikacheza ile fasi. Na pale, wazi kabisa, si kwa nguvu, wazi tu, kama mutu amekaa karibu yako: « Kwa hiyo, Mama, mardi soko si kwa daraja tena, ni nyuma ya kanisa ile haina mabati, ni vile? » Na mama, akimukanyaga neno ya mwisho: « NDIYO! NI VILE KABISA! »

Claude alitoa casque.

« Ni mimi huyu? »

« Ni weye, mwalimu. »

« Shusha. »

Nilifikiri sikusikia muzuri. Na yeye, unaweza kukosa kumusikia.

« Gaël, ulinipandisha sana. Wale vijana wa barriere wako na redio pia. Watasikia mwenye alisema si kwa daraja. Ilikuwa heri vile ilikuwa. »

Mimi nilikuwa ninaona milima na nyasi kwa ekran, sikuwaza kama nyasi ile inajificha. Papa Kasereka naye aliangalia viatu vyake. Juu ni kweli: kama sauti ya Claude inafika kwa mama mudogo wangu chini ya blanketi, inafika kwa barriere pia. Redio haichaguake.

« Mwalimu, » nikasema, « sauti ni yako. Ukisema nishushe, nashusha. »

Alikaa. Groupe inaunguruma kule inje, inakula mafuta.

« Na tukiacha vile ilikuwa? » akauliza.

« Watashuka kwa daraja. »

« Wengi? »

« Mama mudogo wangu Geneviève atakuwa wa kwanza. Ule hachelewake. »

« Geneviève wa maharagi? Mama wa Gracia? »

« Njo yeye. »

« Gracia alikuwa mu classe yangu, » akasema. « Yeye njo alikuwa anasemaka: monsieur, hatusikie huku nyuma. Kila siku. Hata mbele ya vita. Hatusikie huku nyuma, monsieur. »

Akacheka kidogo, kicheko ya pua. Kisha akavaa casque tena, akafunga macho.

« Rudilia mwanzo. Neno "mardi" bado inazama. Pandisha. »

Nikapandisha. Akasikiliza.

« Pandisha tena. »

« Mwalimu, sasa itakuwa mutapigizana kelele na mama. »

« Basi hapo hapo. Wacha hapo. »

Haikuishia pale. Casque inadanganyaka, nilishaona. Tukaweka interview kwa kasete, tukaenda Bigo na radio-kasete ndogo. Tukaita vieux Léon.

« Papa Léon, weka volime vile unawekaka. »

Léon alizungusha kifungo, chini, chini, mpaka ikabaki kitu kama ya mende mu karatasi. Akabandika sikio. Sisi tulisimama tunaangalia uso wake kama watu wanangoja resultat ya egzame. Bibi yake alikuja na sikio lake upande ingine.

« Eeeh, » Léon akasema. « Mama hanipasue tena. »

« Na ingine? »

« Ngoja, unanisumbua. » Kimya. « Kumbe kuko mutu mwingine ndani! Anauliza muzuri. Anasema… nyuma ya kanisa? Si kwa daraja? » Akamuangalia bibi. « Mardi ni nyuma ya kanisa! »

« Nimesikia, » bibi akasema, « niko na masikio yangu. »

Claude alikuwa nyuma ya mugomba, anajifanya kama anaangalia ndizi.

Dimanche saa kumi na moja ilipita. Papa Kasereka alisema neno moja tu mbele: « Sikilizeni tena, sasa maulizo inasikilika. » Lundi, kesho yake, asubuyi akairudilia, mafuta ikatoka sijui wapi. Hakuna mutu alitupigia, mutu angetupigia na nini? Ilibaki kungoja, na mimi kungoja ni ugonjwa.

Mardi nilifika nyuma ya kanisa mapema. Kanisa ni kuta ine na mbingu. Wamama wa samaki walikuwa wametandika mifuko yao, wananiangalia vibaya, juu kwa upande ya milima hakukuwa hata mutu. Mama Suzanne alikuwa amesimama katikati, ametoka Mahagi-Port na lori, macho mekundu.

« Weye! Mutoto wa redio! Weye njo ulinipunguza sauti? Wamama wananiambia siku hizi ninasema kama bibi-arusi! »

« Kidogo tu, Mama. »

« Kidogo! Sauti ilinijengea nyumba, yeye anapunguza kidogo! »

Nilitaka kujibu, lakini aliacha kuniangalia. Aliangalia juu ya bega yangu. Kwa njia ya nyuma, ile ya mashamba, si ile ya daraja, kulikuwa kichwa ya kitunga inatoka mu majani. Halafu kitunga ingine. Halafu mustari muzima, wanawake wanatembea bila kusema, wanasimama, wanatembea, kama mutu anajaribu maji na muguu.

Wa mbele alikuwa amefunga mihogo mugongoni na kamba kwa paji la uso, na Gracia nyuma yake, amekuwa murefu. Mama mudogo wangu. Alitua muzigo pale pale, hakunisalimia hata.

« Suzanne, » akasema, « ile deni ya mihogo hujalipa. »

Mama Suzanne alifungua mudomo, na kwa mara ya kwanza hakuna kitu ilitoka. Akamukumbata na mihogo yote. Kisha ikatoka, sasa, na kuku za Bigo muzima zilisikia.

Niliuliza mama mudogo: « Mulijuaje si kwa daraja? »

« Si redio yenu? Samedi tulisikia kelele ya huyu tu. Tulikuwa tumepanga daraja. Dimanche nikasikia mutu anamuuliza wazi, na yeye anaitika palepale, na mulin ya soko inapiga nyuma yao, ile mulin mbovu ya siku zote. Nikasema, hii si ya kubandika. » Akanisukuma begani. « Na Gracia akaruka: ni monsieur Claude! »

Claude alikuwa amesimama kwa ukuta na recorder mu bega, juu Papa Kasereka alimutuma kufanya reportage. Gracia alimuona, akamupungia mukono. Wanawake wa milima walianza kumuangalia, mumoja akasema kwa mwenzake: njo ule, ule wa kuuliza.

Nilimuona anatafuta njia ya kurudi nyuma, lakini nyuma kulikuwa ukuta.

Mama Suzanne alienda kwake, akanyosha mukono vile anafanyaka, akachukua mikro. Nikasema bon, tumerudia kule kule. Lakini alisimama nayo, akaiangalia, akaniangalia mimi. Kisha akaibandika mu mukono ya Claude na kufunga vidole vyake juu.

« Shika mwenyewe, mwalimu. Ukimaliza kuuliza, niletee kwa mudomo. Mimi nitangoja. Tutaona kama ninaweza. »

Claude alileta mikro kwa midomo yake. Nilikuwa karibu, niliangalia kisanduku cha recorder, ile sindano ya kupima sauti, yenye siku zote kwa sauti yake ilikuwa inalala.

« Mama Geneviève, » akasema, « mulitembea vipi mpaka hapa? »

Sindano ikaruka.